Barua ya Pimamaji Kuhusu Kuta Zake

Wapangaji walimwita Pimamaji, naye hakuchukia. Alikuwa mwashi kwa miaka arobaini, na kile kipimo chake chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani aliendelea kukibeba hata baada ya kustaafu, kama wazee wengine wanavyobeba bakora. Akiingia kwa mtu, kabla hajaketi, jicho limeshapita kwenye kona zote. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya posa mumewe alikagua kwanza fremu ya mlango wa baba mkwe, ndipo akamtazama mchumba.

"Na ulikuwa umepinda," Pimamaji hujibu, "ila mchumba alikuwa amenyooka."

Nyumba aliyopangisha ilikuwa ya vyumba vinne vilivyopangana chini ya paa moja. Aliijenga mwenyewe kwa miaka sita, siku za mapumziko tu, tofali kwa tofali. Hakuzaa mtoto wa kiume wala wa kike, na watu wa mtaani walisema zile kuta ndizo wanawe. Masharti yake yalijulikana: kelele zitavumilika, wageni wataruhusiwa, lakini msumari usiguse ukuta. Kuna mpangaji wa zamani aliyepigilia misumari ya inchi nne ili atundike kabati, plasta ikabanduka kama ganda la yai, na Pimamaji akatumia siku mbili kuiziba.

Sasa katika chumba cha tatu alihamia mshonaji, binti mpole mwenye mtoto wa miezi tisa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Majora ya vitambaa aliyapanga sakafuni, mkasi na pini kwenye kopo kando ya cherehani. Kisha mtoto akaanza kutambaa. Mtoto anayetambaa ana macho ya kunguru. Chochote kinachong'aa ni chake, na safari yake ni moja, mdomoni. Asubuhi moja mama alifungua kile kingumi kidogo akakuta pini. Siku hiyohiyo akambeba mwanawe hadi kwa mwenye nyumba, akaomba ruhusa ya kufunga rafu ya juu. Kama haiwezekani, alisema taratibu, basi itabidi atafute chumba kingine, maana hawezi kushona huku amemfunga mtoto mgongoni kutwa nzima.

Pimamaji alisema atafikiri. Wakati huo mtoto alikuwa ameshanyakua kipimo chake na kukiinamisha huku na huku, akikifuata kile kiputo kwa macho. Mzee hakumnyang'anya.

Walipoondoka, mkewe alimwambia kwamba hilo sharti la msumari lilitungwa kwa ajili ya ukuta, wala halikumfikiria mtu. "Wewe unajua kutundika vitu hata usingizini," alisema. "Mfundishe basi. Ukimkataza tu, ataning'iniza kwa kamba na gundi, halafu jora limwangukie mtoto."

Ndivyo ilivyoanza ile barua. Aliiandika siku tatu kwenye karatasi za daftari la hesabu zenye miraba, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama nguzo. Alimwita mpangaji wake "binti yangu", akamweleza kwamba vyumba vile vina kuta za namna mbili. Ukuta wa matofali ukiugonga kwa kidole hulia kizito, na huo hubeba mzigo. Ule wa mbao nyembamba unaotenga sehemu ya kulalia hulia kama ngoma, na humo usitundike chochote kizito, ila pale penye nguzo ya mbao ndani, ambapo mlio hubadilika ukawa mfu. Kwa vitu vyepesi kama kalenda na kofia, alimruhusu kulabu za kubandika, mradi aufute ukuta kwanza, aukaushe, na aiache kulabu ishike kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kuitwisha kitu.

Kwa rafu, misumari hapana. Msumari huipasua plasta na hung'oka wenyewe kidogo kidogo. Atoboe kwa drili, tundu la milimita nane, achomeke kile kiplastiki cha kushikia skrubu cha milimita nane vilevile, kiingie chote mpaka ndani ya tofali, kwa sababu plasta peke yake haishiki kitu. Avae miwani. Atumie braketi tatu, vile vyuma vya pembe vinavyobeba rafu, si mbili. Mzigo mzito ukae karibu na braketi, wala si katikati ya nafasi. Rafu isiwe juu ya kitanda cha mtoto hata kama imefungwa na malaika. Kisha akafikia umeme, akaandika maneno ambayo baadaye yalimuunguza:

"Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, wala ubavuni pake kwa usawa mmoja, kwa sababu waya hupita wima au mlalo. Kwingineko toboa bila hofu. Ukuta wa kushoto ukiingia ndio mzuri zaidi. Nimeujenga mimi, umenyooka nje na ndani. Na kabla ya kutoboa, zima meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima."

Barua ilifika kwa mshonaji siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi Pimamaji alikwenda duka la vifaa vya ujenzi kumchagulia skrubu nzuri, akamkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi umeme mwenye kitambi na masihara. Pimamaji alikuwa na nakala ya barua mfukoni, na mtu aliyeandika kurasa tatu hawezi kukaa nazo kimya. Akamsomea. Shemeji alicheka pale penye malaika, akamwambia muuza duka kwamba sasa wapangaji watapewa na mtihani. Ilipofika sehemu ya umeme kicheko kikakatika.

"Shemeji," alisema, "ukuta wa kushoto chumba cha tatu?"

"Huohuo."

"Tulipita mshazari pale. Umesahau? Waya ulitupungukia."

Pimamaji aliikunja karatasi polepole. Hakuwa amesahau. Alikuwa ameliweka jambo lile mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuvikuta. Mwaka ule wa kumalizia nyumba waya ulibaki mfupi, duka limefungwa, na kesho yake anatakiwa kuanza kazi mji mwingine. Shemeji akauliza kama aukate ukuta kwa mshazari, kutoka kwenye kisanduku cha waya kilicho juu, kona ya mlango, hadi soketi iliyo chini, kona ya dirisha. Yeye akasema kata, nitaziba. Akaziba kwa mikono yake, akapitisha kipimo juu ya plasta, kiputo kikakaa katikati. Nani angejua?

Alipiga simu ya mshonaji. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, hali ileile. Hapo mzee wa miaka sitini na nane, asiyekimbia hata mvua ikimkuta njiani, alitoka dukani mbio, skrubu zikibaki kaunta.

Kabla hajafika mlangoni aliusikia mlio wa drili. Kisha ukanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko mlio. Akasukuma mlango bila hodi.

Mshonaji alikuwa juu ya kiti, miwani usoni, vumbi jekundu la tofali kwenye nyusi. Upande wa dirishani matundu mawili yalikuwa tayari, safi kama yametobolewa na fundi. Ncha ya drili ilikuwa imesimama kwenye alama ya tatu ya penseli, upande wa mlango. Mtoto alikuwa ndani ya beseni kubwa la nguo kona ya mbali, akitafuna simu iliyokuwa bado ikionyesha jina la Pimamaji.

"Shuka, binti yangu," alisema. "Ichomoe kwanza hiyo drili. Kisha shuka."

Alishuka. Akadhani amekosea, akaanza kujitetea kwamba amefuata kila kitu: amepima, amegonga, amekwepa soketi. Jambo moja tu lilimshinda.

"Uliandika nizime meni swichi. Nikaizima, na drili nayo ikazimika. Nikasema labda Baba alimaanisha drili ya betri, na mimi nimeazimwa hii ya waya, basi nikaiwasha tena."

Pimamaji alijikuta amekaa juu ya jora la kitambaa. Alitaka kusema amekuja kukagua tu. Neno hilo lilikuwa tayari kinywani, na lingetosha. Angeweza kumwambia rafu itapendeza zaidi ukuta mwingine, naye angetii. Akayatazama yale matundu mawili. Mtu aliyemwamini kiasi hicho, amdanganye tena?

Akamwambia yote. Waya ulivyopungua, alivyokuwa na haraka ya safari, alivyoziba. Aliongea akitazama sakafu. Mshonaji alikwenda kwenye cherehani akaleta kidonge cha uzi na chaki yake ya kushonea, akauliza waya unaanzia wapi. Mzee akapanda kiti, akashika ncha ya uzi pale kwenye kisanduku, juu kona ya mlango. Mshonaji akapiga magoti, akauvuta hadi kwenye soketi. Uzi ulikatiza ukuta mzima kwa mshazari na kupita upana wa kidole kutoka alama ya tatu.



"Ningetoboa," mshonaji alisema. Hakuwa analaumu. Kisha akamtazama mtoto, akamwinua kutoka kwenye beseni akamkumbatia.

Pimamaji aliuchora ule mstari kwa chaki, mnene, na kuongeza mwingine kila upande kwa umbali wa mkono mzima, kwa sababu alishajifunza asubuhi hiyo kutoiamini kumbukumbu yake kwa upana wa kidole. Wakakubaliana rafu ifungwe ukuta wa nyuma, usio na swichi wala soketi, lakini isifungwe mpaka shemeji aje kuupima kwa kile kifaa chake kinacholia kikikuta waya. Shemeji atakata pia umeme wa ukuta huu, autoe ule waya na kupitisha mwingine wima na mlalo kama inavyostahili. Mpaka hapo, saa za kushona mtoto atakaa nyumbani kwa mwenye nyumba, na akirudi, pini na mkasi ndivyo vitakwenda kukaa huko, kama mama mtu hatajali.

"Atakula kipimo chako," mshonaji alisema, akifuta macho.

"Na akile. Kimeniponza."

Alikuwa amefika mlangoni alipoulizwa na mshonaji, kwa upole uleule, kama vyumba vingine vilifungwa waya siku ileile.

Pimamaji alisimama, mkono kwenye kitasa. Cha kwanza na cha pili, hapana. Cha nne, ndiyo. Na chumba cha nne aliishi dereva wa lori, mtu wa mdomo, ambaye kila mwezi alimtania kuhusu kuta zake na kumuuliza kama zinaruhusiwa kuguswa na upepo. Habari hii akiipata, mtaa mzima utakuwa nayo kabla ya jua kutua.

Akarudi akaomba chaki na uzi. Mshonaji akampa, kisha akamweka mtoto kiunoni na kumfuata, kwa kuwa uzi hauvutwi na mtu mmoja. Mlango wa chumba cha nne ulifunguliwa na dereva mwenye mswaki mdomoni.

"Mzee, leo unapima nini tena?"

"Nimekuja kukuonyesha kosa langu," alisema Pimamaji. "Tupishe kidogo tuingie."