Aliyekula Bugali ya Matanga Yetu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Goma mgeni wa matanga hakuulizwa ametoka wapi. Anaingia, anaketi kwenye kiti cha plastiki cha kukodi, anapewa sahani ya bugali, yaani ugali. Ukimuuliza yeye ni nani, umemtukana yeye na umemtukana marehemu pia, kana kwamba marehemu hakuwa na watu. Leo nina diplome ya gestion, usimamizi wa biashara, ukutani, kazi sina, muda wa kufikiri ninao wa kuuza, na nasema bila kumumunya maneno: adabu yetu ile nzuri ndiyo mlango walioingilia wezi.

Koko, mama ya mama yangu aliyeishi nasi, alikuwa na imani yake kuhusu jambo hilo. Alikuwa Munande wa Butembo, Mkatoliki wa rozari kila alfajiri, ila mambo ya wafu alikuwa na katekisimu yake mwenyewe. Alisema mtu akila bugali ya matanga ya mtu asiyemjua, marehemu atamfuata polepole, hana haraka, mpaka siku mdomo uleule uliokula utamwaibisha mwenyewe. “Maiti haisahau sahani,” alikuwa akisema huku anakwangua sufuria. Sisi watoto tulicheka. Nilijiona msomi tangu darasa la tano, pauvre moi, maskini.

Mwaka huohuo wa darasa la tano baba alikufa. Alikuwa dereva wa kamyo, akishusha kabichi na viazi vya Kibumba, na safari nyingine akienda mpaka Butembo. Ini lilimmaliza kwa miezi miwili. Daktari alieleza vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, tukatikisa vichwa. Lakini kwetu nani anakubali kwamba mtu amekufa kwa ini tu?

Siku ya tatu ya matanga, kaka mkubwa wa baba alisimama kumsifu. Akasema ndugu yake alikuwa mwanaume kamili: pesa ya safari yake ya kwanza ya Butembo alimnunulia mke wake sheni ya dhahabu, hereni zake, na bangili. Nani kati yenu, aliuliza, amefanya vile? Watu wakapiga makofi. Mama alitazama chini, sheni ikiwa shingoni mwake.

Uongo mtupu. Vitu vile alivinunua mama mwenyewe, siku ilipofika zamu yake kwenye likelemba ya wauza vitunguu wa Birere, wale wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kapu lote. Nilikuwapo dukani, nimekaa juu ya ndoo. Tulipotoka alinishika kidevu na kuniambia: “Furaha, papa yako ndiye alinunua. Heshima ya papa yako iko mu mudomo yako.” Baba alijua, mama alijua, Koko alijua, mimi nilijua. Basi. Mbele ya ndugu zake baba alibaki mwanaume.

Kando ya mama siku zile tatu alikaa mwanamke mwembamba mwenye kitenge cheusi, aliyelia vizuri kuliko sisi. Upande wa baba walidhani ni wa kwetu. Sisi tulidhani ni wa upande wa baba. Alikula mara mbili kwa siku. Koko peke yake alimtazama kwa jicho la kuhesabu, lakini na yeye hakuuliza. Adabu.

Baada ya wiki mwanamke huyo akaja na sabuni mbili, akajiita Mama Neema. Akachambua maharage na mama, akamwambia kwamba naye ni mjane. Kisha akaanza kunisuka nywele, mchana, mama akiwa sokoni. Mikono yake ilikuwa laini na maswali yake pia. Unakohoa usiku? Papa alikuwa anaota nini kabla ya kufa? Mama anaweka wapi pesa, asije akaibiwa, maskini? Nilimwambia kila kitu: kikohozi changu, ndoto ya baba ya ng’ombe mweusi, kopo la maziwa chini ya kitanda lenye dola mia sita, tulizolipwa kwa sehemu ya baba katika ile kamyo. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wa mama na minerval yangu, karo ya shule, ya miaka iliyobaki. Nilikuwa redio, tena bila matangazo ya biashara. Siri ya sheni tu sikusema, kwa sababu hiyo niliambiwa iko mdomoni mwangu.

Ndipo Mama Neema akamtajia mama mtumishi wa Mungu mmoja upande wa Lac Vert, mwenye Biblia na mizizi, asiyedai hata franka.

Twende, mama akasema, tuone tu. “Tuone tu.” Ninyi mlio na akili, liogopeni neno hilo.

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano, na pazia jekundu lililofunga chumba cha nyuma. Mtumishi alikuwa kijana, shati jeupe, viatu vimesuguliwa. Hakutuuliza kitu. Alifumba macho akasema anaona mtoto anayekohoa, anaona ng’ombe mweusi aliyemfuata mume mpaka kaburini. Mama akanivuta karibu naye. Kisha mtumishi akachukua yai, akalisugua kifuani mwangu, akalipasua kwenye sahani. Ndani ya ute kulikuwa na uzi mweusi na sindano mbili. Sindano hizo, alisema, zilimuua baba, na sasa zimeingia kwangu. Aliyezitupa ni mwanamke mzee, anatoka nje alfajiri kabla ya watu, mnakula sahani moja naye.

Hakumtaja Koko. Hakuhitaji. Alimwacha mama amtaje mwenyewe kichwani mwake. Na akamkataza kumwambia mtu yeyote nyumbani, maana mchawi akijua amegunduliwa, anaharakisha.

Mama alipotaka kulipa, alikataa. Safari ya pili ndiyo aliomba dola mia, “zipite kwenye maombi” tu, azifunge kwenye kitambaa. Baada ya siku mbili alizirudisha zote, noti zilezile. Mama aliporudi nyumbani na ile mia, macho yake yalikuwa yamebadilika. Mwizi gani anarudisha pesa? Nikiwa mtu mzima nimejibu: yule anayejua kwamba kuna mia tano zaidi kwenye kopo.

Wiki hizo mbili nyumba yetu iliingia ubaridi. Koko alipika sombe ya majani ya muhogo, mama akasema ameshiba. Koko alinipa uji, mama akaupokea, akazunguka nyuma ya nyumba na kuumwaga kwa kuku. Nami niliyelala kitanda kimoja na Koko tangu kuzaliwa nilianza kulala nimegeukia ukuta, nikisikiliza kama anapumua kama watu. Alfajiri aliposhika rozari, nilihesabu shanga pamoja naye nikijiuliza anamwomba nani.

Safari ya tatu, mama alibeba kopo. Mtumishi alikuwa amesema uovu umeganda kwenye mali ya marehemu, pesa na dhahabu, na lazima vioshwe siku moja. Mama Neema alikaa mlangoni, eti asiingie mtu. Mtumishi alimwambia mama ahesabu dola mia sita kwa sauti, azifunge mwenyewe kwenye kitambaa cheupe, ashone kwa uzi mwekundu. Kisha akachukua furushi, akaliingiza kwenye beseni lililofunikwa shuka, akaomba kwa lugha nisiyoijua, akalitoa limelowa na kumwekea mama mapajani. Asilifungue siku saba. Akifungua kabla, mtoto anakufa. Aliponitazama akisema hivyo, nilikohoa kweli.

“Sasa vua dhahabu,” akasema.

Mama alishika sheni lakini hakuivua. Mtumishi akafumba macho, sauti ikashuka ikawa nzito. Mume wako amesimama hapa, alisema. Anateseka. “Anasema: mama Furaha, ile sheni nilikununulia na pesa ya safari yangu ya kwanza ya Butembo, inaniunguza. Nani amekufanyia vile? Umutolee mutumishi.”

Nje moto, pikipiki, ilikuwa ikinguruma bila kuondoka. Mimi nilimtazama mama, na mama, kwa mara ya kwanza katika wiki zile, alinitazama mimi. Siri ya kinywani mwangu ilikaa katikati yetu kama mtu wa nne.

“Aseme tena,” mama akasema. “Ni nani alinunua?”

Mtumishi akarudia, akaongeza hereni na bangili, kwa mpangilio uleule wa baba mkubwa siku ya matanga.

“Bwana yangu hakununua hii sheni. Na mbele yangu hakujidai hata siku moja.” Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kumkatalia mteja bei. “Hiyo maneno ilisemwa ku matanga yetu, na huyu wa mlangoni ndiye alikuletea.”

Mtumishi akasema wafu huchanganya mambo. Mama alikuwa ameshauma uzi mwekundu kwa meno. Ndani ya furushi kulikuwa na karatasi za gazeti zilizokatwa kwa kipimo cha noti. Yeye mtumishi alibeba beseni lake, akasema anakwenda kuongeza maji, akapita pazia jekundu. Mlango wa nyuma uligonga, na ile moto ikaondoka. Mama Neema ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: mwizi, mwizi, namfukuza! Akapanda moto ya pili. Mpaka leo anamfukuza.

Mwenye nyumba alituambia walipanga kwa mwezi mmoja tu. Mama hakushitaki. Ungesimama mbele ya nani useme ulimshuku mama yako kwa ajili ya yai?

Yai lenyewe Koko alitufundisha kesho yake, baada ya mama kumweleza yote akiwa amepiga magoti jikoni. Koko alichukua yai la kuku wetu, akatoboa tundu kwa sindano, akasukuma uzi na sindano ndani, akaziba kwa tone la mshumaa, akapaka majivu. Akalipasua mbele yetu. Aliona hivyo soko la Butembo akiwa msichana, alisema, na beseni lilikuwa hivyohivyo: furushi moja linaingia, lingine lilikuwa limeshalala majini likisubiri.

Mama aliuza dhahabu. Kidogo kilikuwa mtaji wa vitunguu, kingine kikawa masomo yangu, kwa hiyo sheni ile ndiyo hii diplome inayonitazama ukutani. Mwezi uliopita bwana mmoja mwenye bureau, ofisi kabisa, na kravati shingoni aliniahidi kazi, nilete tu dola hamsini za kufungua dosiye, faili langu, nisimwambie mtu, nafasi ni moja. Nilimuuliza kama ana yai. Hakuelewa.

Je, baba alimfuata mla bugali mpaka mdomo wake ukamwaibisha? Kwa hesabu zangu za gestion, hapana: Mama Neema alimbebea mwizi hotuba, hotuba ilikuwa ya uongo, c’est tout, basi. Koko alikufa akiamini vingine, na sikuwahi kumbishia. Kwa sababu siku ile jikoni, mama alipouliza kwa nini hakutugombeza tulipokataa chakula chake, alisema tu, “Kuku walikuwa wananona. Nilijua.” Alijua wiki zote mbili, na kila asubuhi alipika uji, akanipa mkononi, akatugeuzia mgongo ili mama apate nafasi ya kuumwaga. Jioni hiyo alituwekea sahani moja. Mama alikula mpaka akalamba vidole, na Koko akamwongezea.