Pengo la Julai

Ntinyari alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: hakuweza kuandika hesabu bila kuandika pia amechukulia nini. Ukimwambia mtanywa chai saa nne, atakuuliza kama tunachukulia maziwa yapo. Mimi nilikuwa napiga chapa chumba cha pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Meru, na karatasi zake zote zilipitia mikononi mwangu. Nilimpenda, ingawa alinichosha.

Alikuwa karani wa hesabu wa Mzee Kathuri, mkandarasi wa majengo na mzee wa kanisa upande wa Nkubu. Mwaka 2014 kanisa lake liliamua kujenga ukumbi. Siku ya harambee Mzee alisimama, akakohoa, akaahidi shilingi laki sita, na hakuna aliyemfikia. Majuma mawili baadaye zabuni zikafunguliwa kwa haki kabisa, bahasha tatu mbele ya kamati, na kazi ikamwangukia yeye. Kutoa ni moyo, si utajiri. Wakati mwingine ni biashara pia.

Mkataba ulikuwa wa milioni sita, kazi ya miezi sita, kuanzia Aprili. Benki ikakubali kumfungulia overdraft, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya akiba yake, hadi milioni moja na laki nane, kwa dhamana ya shamba la majani chai, ekari mbili, lakini ikataka kwanza makadirio ya fedha mwezi kwa mwezi, pamoja na maelezo: pesa zitatoka lini, zitaingia lini, na pengo litajazwa na nani. Shamba lilikuwa kwa jina la Mzee. Mgongo uliolichuma miaka ishirini na miwili ulikuwa wa mkewe, Ciakuthii.

Ntinyari aliketi siku tatu. Kazi ya kila mwezi ingekuwa ya milioni moja, na gharama zake, saruji, nondo na mishahara ya mafundi ya kila Jumamosi, ni laki tisa. Kazi ya Aprili inapimwa mwisho wa Aprili, msanifu anatoa cheti cha malipo juma linalofuata, na kanisa lina siku thelathini za kulipa. Kwa hiyo pesa ya Aprili inaonekana Juni. Tena haiji yote: asilimia kumi inazuiliwa, nusu hadi ukumbi ukamilike, nusu hadi miezi sita ipite bila nyufa. Kufikia Juni mosi Mzee atakuwa ametumia milioni moja na laki nane na hajaona senti. Baada ya hapo, kila mwezi kitaingia kile kile kinachotoka, na pengo litabaki pale pale mpaka kazi iishe.

"Sawa kabisa," Mzee alisema. "Nina laki tatu zangu, benki itaongeza. Print."

"Mzee, hiyo ni kama kanisa litalipa kwa wakati."

"Kanisa la Mungu lisilipe kwa wakati?"

Ntinyari alikuwa amemuuliza mweka hazina. Kanisa lilikuwa na milioni moja na nusu benki. Zilizobaki zilikuwa ahadi, na waliozitoa ni wakulima wa majani chai, ambao bonasi yao ya mwaka huingia Oktoba. Cheti cha kwanza kitalipwa. Cha pili kitalipwa laki sita, halafu kimya. Mwisho wa Julai overdraft itakuwa imekauka, na mwisho wa Septemba, hata akishaweka laki tatu zake, pengo litakuwa milioni tatu na laki sita, mara mbili ya mkopo.

Mzee alisoma, akacheka kwa dharau. "Wewe hujui mambo ya wanaume. Mimi nitatoa ahadi yangu Juni, laki sita, kutoka hapo kwa overdraft. Wengine wakiona nimetoa watatoa. Kanisa linapata pesa, linanilipa, nalipa benki. Toa hiyo Julai yako hapo."

Ntinyari akaitoa. Jedwali likabaki safi kama sahani ya mgeni. Lakini kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa ule ugonjwa niliousema, katika maelezo aliandika yote aliyoambiwa, neno kwa neno. Dhana ya tatu: mteja atalipa kila cheti ndani ya siku thelathini. Dhana ya nne: mkandarasi atalipa ahadi yake kwa mteja, shilingi laki sita, mwezi wa Juni, kutoka kwa mkopo huu. Mzee akatia sahihi bila kusoma. Afisa wa benki, kijana wa Embu aitwaye Njoka, akagonga muhuri kila ukurasa, na kugonga muhuri si kusoma.

Ikabaki sahihi moja. Sheria ilitaka mke akubali kabla shamba la familia halijawekwa rehani. Ciakuthii akaja benki akiwa na leso mpya na vidole vyeusi vya utomvu wa chai.

"Mama, weka sahihi tu hapa," Njoka akamwambia. "Ni formality."

"Nisomewe kwanza," alisema, akimtazama Ntinyari. "Kwa Kimeru."

Mzee akatazama dari. Ntinyari aliniambia baadaye kwamba angeweza kuruka mistari miwili na hakuna ambaye angejua. Hakuruka. Alipofika dhana ya nne, Ciakuthii akainua mkono.

"Ngoja. Benki inampa Kathuri. Kathuri analipa kanisa. Kanisa linampa Kathuri, Kathuri anarudishia benki. Ni hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na faida ya kazi yote ni ngapi?"

"Laki sita. Kabla ya riba."

"Na ahadi ni laki sita. Basi anajenga bure, na riba juu. Sasa majani chai yangu yanatafuta nini hapo katikati?"

Alifunga kalamu bila kutia sahihi, akaiweka juu ya meza ya Njoka, akaenda zake kuchuma.

Sahihi ilipokosekana benki ikakataa kutoa mkopo, na Mzee Kathuri akaiomba kamati ianze kazi Agosti, ili hesabu ikutane na bonasi ya Oktoba. Ilikuwa hesabu nzuri, ya Ntinyari, ingawa hakumtaja. Mwenyekiti akamjibu kwamba kazi ya Mungu haingojei majani chai. Kazi akapewa mwenye bahasha ya pili, bwana Runji, mtu asiyekuwa na karani wa kumsumbua. Julai ilipoisha, kuta za Runji zilikwama usawa wa madirisha kwa kukosa pesa, na vijana wa kwaya wakaanza kuanika nguo zao juu yake.

Ntinyari hakushukuriwa na mtu. Mzee alimwambia amempokonya kazi kwa ulimi, kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaacha kumlipa. Hakumfukuza, hiyo ingekuwa gharama.

Ahadi ni deni, hata ukinyimwa kazi. Oktoba bonasi ilipoingia, Ciakuthii alipeleka laki mbili kanisani, pesa ya shamba ambalo bado lilikuwa lao, ili kupunguza ahadi ya mumewe. Katibu akatangaza kwenye kipaza sauti: "Mzee Kathuri ametoa laki mbili!" Mzee akasimama, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akapunga mkono. Kanisa zima likapiga makofi. Ciakuthii alikuwa ameketi upande wa akina mama, akikwangua utomvu kwenye kucha.

Ntinyari alikuwa kando yangu, benchi la nyuma. Alipiga makofi pia, kwa nguvu, mikono miwili ambayo haikuwa imeshika mshahara tangu Aprili.