Mistari ya Kulala

Nilikuwa sokoni Gikomba kwa fundi wa nguo, nikingoja suruali yangu, alipoingia kapteni wa timu ya mtaani kwetu Buruburu. Nyuma yake alikuja mwenye bucha, mfadhili wa timu. Kapteni akavaa jezi mpya. Ilimfika magotini.

"Fundi, hii ni jezi ama kanzu?" kapteni akauliza.

Fundi akashika kitambaa, akakivuta. "Kitambaa cha kufumwa huvutika kwa upana, kizunguke kifua. Mistari yake ilikuwa imesimama. Wewe ukataka ilale, kama jezi za ng'ambo, nikakigeuza. Sasa kinavutika kwenda chini."

Nikaiangalia vizuri. Kola, kwa kuwa ilikuwa ya kitambaa kigumu cha shati, ilibaki shingoni kwa heshima. Nembo iliyoshonwa juu ya moyo ilikuwa imefika kitovuni. Na kile kipande kizito cha turubai cha kifuani, chenye maneno NYAMA LAINI, kilikuwa kimeipita nembo njiani.

Mwenye bucha akakuna kidevu. "Ndiyo maana jana nilikaa uwanjani mpaka mwisho na sikuona tangazo langu."

"Jezi zilianza kushuka tulipotoka jasho," kapteni akasema, akiangalia viatu vyake. "Refa akatuamuru tuchomekee."

"Kwa hivyo tangazo lilikuwa wapi?"

"Ndani ya kaptura, mzee."

Sina ugomvi na bucha ile. Lakini Jumamosi mama watoto alipouliza tununue nyama kiasi gani, nilimwambia wiki hii tule maharagwe.