Mtihani wa Watu wa Kunguni

Mwalimu Jepkemboi alifundisha sayansi miaka thelathini na moja pale Kitale, akawanyamazisha watoto wa madiwani na wa wachungaji kwa jicho moja tu. Halafu akastaafu, akashindwa na mdudu asiye hata na mabawa.

Kunguni. Neno lenyewe hulitamki mbele ya wageni, ingawa kwa Jepkemboi hilo halikuwa tatizo, maana wageni hawakuwapo. Mumewe alifariki mwaka juzi. Binti yake, Cheptoo, anaishi Bungoma na mtoto wa miezi mitatu ambaye bibi yake hajawahi kumshika.

"Mama, mtoto haji hapo mpaka hao wadudu waishe," Cheptoo alisema kwa simu. "Na wewe usije huku. Unaweza kuwabeba kwa begi."

Kwa hiyo mwalimu akafanya alichojua kufanya. Alitunga mtihani. Maswali saba kwenye karatasi ya mistari, kalamu nyekundu tayari, akawaita watu wa fumigesheni, wale wapuliza dawa, waje kuufanya.

Wa kwanza alikuwa Kiplimo, kijana mcheshi aliyemsalimia kwa Kikalenjin, akamsifia chai na kukaa saa mbili. Nyumba ilikuwa haijasikia kicheko tangu matanga. Mkononi alishika chupa ya soda yenye maji ya manjano.

"Hii dawa inaitwaje? Lebo iko wapi?"

"Hiyo ni siri ya kampuni, Mama."

"Leseni?"

"Iko kwa ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

"Tunahama hama, Mama. Kazi mingi."

"Hutaki kuona chumba kwanza?"

"Chumba ni chumba, si ni kitanda tu? Nipe pesa yote saa hii, napiga mara moja, guarantee ya maisha. Hata usitoke, kunywa chai yako."

"Na mayai yao?"

Kiplimo alicheka mpaka akamwaga chai. "Mayai? Mama, kunguni si kuku! Hao huzaa kama mbuzi!"

Sifuri. Hata hivyo Jepkemboi alimmiminia kikombe cha tatu, na alipomfungia geti alisimama hapo kitambo. Kusema kweli, alikuwa karibu kumpa kazi. Dawa haikumsumbua sana. Alichotaka ni kijana arudi kila wiki kushindwa mtihani upya.

Wa pili alitoka Bungoma: Kamaljit, Singasinga mwenye kilemba na ndevu za kijivu. Chai alikataa. Alionyesha leseni ya bodi ya serikali kabla ya kuulizwa, akavaa glavu, akatoa tochi na kuinama chini ya kitanda. Alipekua mishono ya godoro na nyufa za mbao. Ilimchukua dakika ishirini.

"Mwalimu, unalala wapi?"

"Hapa. Wapi tena?"

"Hapa hakuna kitu. Hata doa moja. Kunguni hukaa karibu na mtu, bana. Hiki kitanda hakina mtu."

Jepkemboi akasema yeye ndiye anayeuliza maswali.

"Uliza basi. Lakini ukinidanganya, nitatibu chumba kizuri kabisa, na wewe utaendelea kuumwa."

Jepkemboi aliweka kalamu chini. Kisha akampeleka sebuleni, kwenye kiti cha kuegemea mbele ya televisheni. Kamaljit aliupindua mto. Walikuwepo, ukoo mzima, na vinyesi vyao vyeusi kama vitone vya wino.

"Unalala hapa tangu lini?"

"Tangu mazishi," akasema Jepkemboi. "Kile kitanda ni kikubwa."

Kamaljit alitoa kalamu. Aliandika mkataba palepale: kunguni; sebule na kila kiti chake, na chumba cha kulala; jina la dawa na namba yake ya usajili; ziara ya pili baada ya wiki mbili, kwa sababu ya mayai ambayo dawa huenda isiyaue; ukaguzi wa tatu; wakirudi ndani ya siku sitini, anakuja bila malipo. Upande wake mwalimu: kufua nguo kwa maji moto, kutoka nje mpaka dawa ikauke, na asihamie chumba kingine kulala.

"Nisihame?"

"Watakufuata huko."

Jepkemboi alimpa alama tisini, kumi akakata kwa kukataa chai. Mkataba ulitaka namba ya jamaa wa kupelekewa nakala, akaandika ya Cheptoo bila kufikiri.

Simu ililia adhuhuri; nakala ilikuwa imemfikia Cheptoo.

"Mama. Hapa wameandika 'kiti anacholalia mteja'."

"Ni lugha yao ya kiofisi."

"Mama, unalala kwa kiti?"

Jepkemboi alisikia mtoto akilialia upande wa pili, karibu sana na simu.

"Ziara ya pili ni lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Siku hiyo nakuja. Mtoto nitamwacha na baba yake, huyo bado haji." Cheptoo akapenga kamasi. "Ukitolewa nje dawa ikauke, utakuwa umekaa na nani?"

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaizungushia tarehe kumi na nne kwenye mkataba.