Siku Bartholomeo Alipokata Maneno

Bartholomeo alikuwa na mdomo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulitangaza jambo hilo. Pale Nyasubi, mjini Kahama, harusi isiyoendeshwa naye ilihesabiwa kuwa imepooza. Alizaliwa Kilosa, katika nyumba iliyoongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka watu wanakwenda kulala, na babu yake alikuwa mtu wa kusahihisha wageni kabla hajawakaribisha kiti. Kwa hiyo Bartholomeo hakujua kusema "kaeni". Alisema "tupumzisheni viwiliwili vyetu", na watu walipiga makofi, naye aliyapokea makofi hayo kama mtu anayepokea haki yake.

Mradi mmoja wa afya migodini ulipotafuta mtu wa kuwafundisha akina mama wachenjuaji wa kijiji cha Rwamgasa, jina lake lilitajwa kabla ya mengine yote. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akina mama wale huosha mchanga wa dhahabu kwenye mialo, vile vibao vya mteremko vya kuoshea, huikamata dhahabu kwa zebaki mpaka iwe donge, kisha hulichoma donge hilo motoni ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Wengi huchoma jikoni, kwenye kikaango, watoto wakiwa pembeni. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo huingia kifuani na kuwaharibu watu polepole. Mradi ulikuwa na vyombo vya chuma vyenye kifuniko cha kukaza na mrija wa kutolea mvuke, ambao hupoa humo mrijani na kudondoka bakulini ukiwa zebaki tena.

Bartholomeo aliikubali kazi hiyo hata kabla hajaelezwa vizuri, maana ilimgusa yeye mwenyewe. Mama mkwe wake, Limi, alikuwa mmoja wa akina mama wale. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alipomimina uji, nusu ulikwenda mezani, na Eunice, mke wa Bartholomeo, alirudi kila mara kutoka Rwamgasa macho yakiwa mekundu. Chombo kimoja cha chuma kilitosha kuutoa mvuke ule jikoni kwa Limi. Bartholomeo aliapa kwamba kitapatikana.

Siku ya Jumatatu walikusanyika karibu na mialo, akina mama thelathini na wawili. Walikuwa Wasukuma wengi, Wasumbwa na Wazinza wachache, na Waha wawili waliokuja na waume zao kufuata dhahabu. Lugha iliyowakutanisha wote ni Kiswahili, ambacho kila mmoja wao alijifunza ukubwani, sokoni au machimboni. Msimamizi wa mradi, Bhoke, mwanamke wa Tarime asiyecheka ovyo, alikaa nyuma na daftari lake.

Bartholomeo alisimama, akakohoa kidogo, akafungulia bomba.

"Akina mama wapendwa, nguzo za familia, zebaki hii mnayoikumbatia ni adui aliyejipamba. Leo tumewaletea mwarobaini wake. Ila nawaonya, msiwe na papara! Mkishamaliza kuchoma vuteni subira, muache chombo kikate makali yake, la sivyo mtakiona cha mtemakuni!"

Makofi yalilia. Mama mmoja alipiga vigelegele. Limi, aliyekaa mstari wa mbele na kanga yake mpya, alitikisa kichwa kukubali kila neno. Bartholomeo aliendelea hivyo kwa saa nzima na robo, na alipoketi alikuwa ameloa jasho na ameridhika mno.

Bhoke akasimama. "Nimefurahi. Sasa tujaribu. Chombo hiki ni kitupu, hakina zebaki. Mama, njoo ufanye kama ulivyofundishwa."

Alimwita Limi. Limi akakifunga chombo, akakiweka kwenye moto, akangoja. Bhoke aliposema kuchoma kumekwisha, Limi akakitoa motoni, na hapo hapo akachukua kitambaa na kushika kifuniko ili afungue. Bhoke alimdaka mkono. Kingekuwa na zebaki ndani, mvuke wote uliobaki ungempanda usoni.

Akaitwa wa pili, naye akataka kufungua. Wa tatu alikibeba chombo kuelekea ndani ya kibanda kilichokuwa karibu, apate kivuli. Wa nne hakuweka bakuli chini ya mrija. Baada ya wa sita Bhoke alifunga daftari.

"Bwana Bartholomeo, chombo hiki kikitumika vibaya ni afadhali wasiwe nacho. Nitarudi Alhamisi. Kama hawajaweza, vyombo hivi nitavipeleka kijiji kingine, halafu huku tutaona mwakani."

Mwakani! Bartholomeo aliitazama mikono ya mama mkwe wake ikitetemeka juu ya kanga mpya.

Jioni ile, nyumbani kwa Limi, alikaa uani na mkewe huku mama mwenyewe akiwa jikoni.

"Sielewi," alisema. "Walikuwa wanatikisa vichwa. Wamepiga makofi!"

Eunice alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. "Baba Nelly, wamekupigia makofi kwa sababu umesema vizuri. Hawakuelewa."

"Hata Mama?"

"Mama ndiyo kabisa."

"Basi kwa nini asiniulize?"

"Wewe ni mkwe wake. Amuulize mkwe mbele za watu, kwamba sijui unasema nini? Akuaibishe?" Sasa aliinua uso. "Mama hajawahi kukuelewa. Tangu siku ulipokuja kutoa mahari. Ulisema mpaka jua likageuka, wazee wote wakapiga makofi, na jioni Mama akaniuliza kama umekubali kunioa au umekataa."

Maneno hayo yalimchoma Bartholomeo kuliko daftari la Bhoke. Miaka kumi na mmoja! Miaka kumi na mmoja alikuwa akimwagia yule mama maua ya lugha, akijiona mkwe wa kupigiwa mfano, kumbe mwenzake alikuwa akivumilia tu.

"Na wewe umenyamaza miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema Eunice.

Bartholomeo akatoa karatasi za hotuba yake mfukoni na kumpa mkewe kalamu. "Haya. Kata."

Eunice alikata bila huruma. Adui aliyejipamba akaondoka. Mwarobaini ukaondoka. Alipofika kwenye kuvuta subira na kukata makali, aliuliza, "Hapa unataka wafanye nini?"

"Wangoje kipoe."

"Basi sema hivyo."

"Hivyo tu? Hata mtoto anaweza kusema hivyo!"

"Wangoje mpaka lini? Watajuaje kwamba kimepoa?"

Hilo hakuwa amelisema kabisa. Katika saa nzima na robo ya ufasaha, hakuwa amewaambia watajuaje. Aliona haya, akaisogeza taa ya sola karibu na karatasi. Wakafanya kazi. Kila sentensi iliupa mkono kazi moja: weka, funga, kaza, zima. Walizipanga kama kazi zenyewe zinavyofuatana, ya kwanza ikitangulia. Walichagua jina moja, "chombo", wakalishika hilo hilo tangu mwanzo mpaka mwisho, maana Jumatatu aliwahi kukiita kifaa, mtambo, nyenzo na mkombozi, na Eunice aliapa kwamba kuna akina mama waliotafuta vitu vinne. Saa nzima na robo ilibaki ukurasa mmoja. Bartholomeo aliusoma akahisi kama amesimama mbele za watu bila shati.

Alhamisi wale akina mama thelathini na wawili walikaa pale pale. Bhoke alikaa nyuma, daftari wazi.

"Shikamooni akina mama," alisema Bartholomeo, na baada ya marahaba za waliomzidi umri, akanyanyua chombo juu. "Hiki ni chombo. Tunachoma nje. Hatuchomi ndani ya nyumba."

Ulimi ulimwasha, lakini aliuzuia.

"Weka donge ndani ya chombo. Funga kifuniko. Kaza." Kila neno aliliambatanisha na tendo. "Funga kitambaa chenye maji kwenye mrija. Weka bakuli chini ya mrija. Washa moto."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna kigelegele. Walimkodolea macho tu, na Bartholomeo, ambaye maisha yake yote alipima kazi yake kwa makofi, alijua ameangusha kila kitu. Akaendelea kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia.

"Zebaki imeacha kudondoka? Zima moto. Usifungue chombo. Ndani kuna mvuke. Mvuke ni sumu. Subiri. Halafu weka mkono karibu na chombo. Usiguse. Unasikia joto? Usifungue. Husikii joto? Fungua."

Kisha mkono mmoja ukanyanyuka nyuma. "Mwalimu, nikimwagia maji, kipoe haraka?"

Bartholomeo alimtazama yule mama kama anayeona mvua baada ya kiangazi. Swali! Mtu anauliza!

"Usimwagie maji. Kiache kipoe chenyewe."

Mwingine akauliza kuhusu mvua. Wa tatu akauliza kama mjamzito anaweza kuchoma, akajibiwa hapana, akae mbali kabisa. Ndipo Bartholomeo alipoelewa kwamba ule ukimya ulikuwa wa watu wanaosikiliza.

Bhoke alimwita Limi tena, chombo kikiwa kitupu kama Jumatatu. Limi alikiweka chombo nje, mbali na kibanda. Alifunga, akakaza, akazungusha kitambaa chenye maji, akaweka bakuli, akawasha moto, midomo yake ikitaja kila hatua taratibu. Alipoambiwa zebaki imekwisha kudondoka, akazima moto. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Bhoke akamjaribu. "Mama, moto si umezima? Fungua basi, tuondoke."

"Hapana," alisema Limi. "Bado joto."

Furaha ilimpanda Bartholomeo mpaka akasahau kila kitu. Hapo hapo akataka kuwaonyesha wenzake jinsi mama mkwe wake alivyokaza kifuniko vizuri. Akanyakua kitambaa na kukipeleka kwenye kifuniko.

Kofi likatua juu ya mkono wake. Paa!

"Usifungue!" alisema Limi. "Bado joto!"

Mama mkwe amempiga mkwe wake, hadharani. Watu wote waliduwaa, na Limi mwenyewe aliufunika mdomo kwa kanga. Kisha Bhoke, asiyecheka ovyo, akacheka mpaka akaangusha daftari, na akina mama thelathini na mmoja wakamfuata. Bartholomeo alicheka machozi yakimtoka, na si machozi ya kicheko peke yake. Jioni ile vyombo vilishushwa kwenye gari, na cha kwanza kilipelekwa uani kwa Limi.

Limi aliwaandalia ugali na samaki. Walipokwisha kula, alimsogelea mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye mkeka hatua mbili tu kutoka kwake.

"Baba Nelly, wabeja, asante. Leo nimesikia yote. Sasa nikuulize. Siku ile ya mahari. Ulisema nini?"

Eunice aliacha kuosha vyombo. Bartholomeo aliikumbuka hotuba ile yote, na lulu, na bustani, na mwezi wake.

"Nilisema nampenda Eunice. Nilisema nitamtunza."

Macho ya Limi yalilowa.

"Hayo tu?" alisema. "Ungesema siku ile ile, mwanangu. Nisingekaa na wasiwasi miaka yote hii."