Msumari na Siku ya Kwanza ya Muhula

Sisi walimu wenzake tulimwita Msumari, kwa sababu kadiri ulivyompiga ndivyo alivyozidi kuingia. Alifundisha darasa la tano, mimi la nne, na kati yetu palikuwa na ukuta mwembamba wa mbao uliopitisha kila neno.

Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu mkuu alitugawia kanuni za shule, zote ishirini na mbili. Jumatatu na Jumanne wanafunzi wazisikilize na kuzinakili, masomo yaanze Jumatano. Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Tukaitikia kwa vichwa, mimi nikiwa wa kwanza, maana mimi ni mtu wa kuitikia.

"Kumkunja sawa," Msumari akasema, "lakini samaki hakunjwi kwa kusomewa. Mimi Jumatatu nafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo."

Mwalimu mkuu akajibu kwa upole wa kutisha kwamba atapita kuona. Akikuta vurugu, darasa la tano litapewa mwingine na Msumari atahamishiwa stoo ya vitabu. Msumari akafunga daftari lake. Lile darasa lilikuwa maisha yake.

Nilimfuata nje kumsihi ajishushe. Badala ya kunijibu akanifungulia andalio lake la somo. Mwaka fulani, aliniambia, alisoma kanuni siku nzima, na kufikia Alhamisi hakuna mtoto aliyekumbuka hata tatu. Mwaka uliofuata akarukia hesabu moja kwa moja, na muhula mzima ukaliwa na zogo la kugawa madaftari. Safari hii aliugawa ukurasa kwa mstari: upande mmoja somo, upande wa pili utaratibu ambao somo lenyewe lingeubeba. Taratibu zilikuwa tatu tu. Kuingia kimya na kuanza swali lililoko ubaoni. Mwalimu akiinua mkono, kila mtu ainue wake na anyamaze. Karatasi zipitishwe kutoka mwisho wa safu na zikusanywe vivyo hivyo. Nyingine zote zingesubiri.

Jumatatu mambo yalianza vibaya. Watoto waliingia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Msumari hakupiga kelele. Aliwatoa, akawaonyesha namna ya kuingia, wakarudia. Bado wawili walisukumana. Akawatoa tena. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipofika, akakuta watoto arobaini wamesimama nje wakati madarasa mengine yote yameketi. Akaingia, akasimama nyuma, mikono kifuani. Mimi nilikuwa nimewaachia wangu kanuni tisa za kwanza ubaoni wanakili, sikio langu ukutani; nisiyoyaona, Msumari alinisimulia baadaye. Sioni haya kusema hivyo.

Mara ya tatu waliingia kimya, na nikasikia penseli zikikwaruza. Ubaoni palikuwa na mchoro wa mkate mmoja na watoto wanne. Kisha karatasi zikapitishwa. Safu ya dirishani ikazivuruga, zikarudishwa mwisho, zikapitishwa upya. Kunja katikati, akawaambia, fungua, paka rangi upande mmoja. Kunja tena, hesabu vipande vyenye rangi. Viwili katika vinne. Kunja tena. Vinne katika vinane, na rangi haijaongezeka hata kidogo.

Mwalimu mkuu akamuuliza msichana wa dawati la mbele kanuni ya kwanza ya shule. Nikabana sikio zaidi ukutani.

"Sijui, mwalimu mkuu," msichana akasema. "Lakini nusu na robo mbili ni sawa. Nikuonyeshe?"

Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu akapandisha sauti, akahubiri juu ya nidhamu, kicheko nacho kikazidi. Halafu ghafla vyote vikakatika, hotuba na kicheko. Sikuvumilia, nilitoka nikachungulia dirishani. Msumari alikuwa ameinua mkono. Mikono arobaini ilikuwa juu. Na mwalimu mkuu, mdomo wazi, wake ulikuwa umefika usawa wa bega.

Akaushusha, akajikuna sikio nao. Akauliza kwa sauti ndogo kanuni zitasomwa lini.

"Moja moja, siku inapohitajika," Msumari akamjibu. "Hawa ni wanafunzi, mwalimu mkuu. Hawakuja kunakili."

Aliwatazama wale watoto, ambao mikono yao bado ilikuwa juu na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Akaichukua karatasi ya yule msichana, akaitia mfuko wa shati. "Baki na darasa lako," akasema, akatoka bila kunitazama pale dirishani.

Nilirudi darasani kwangu nikiwa na furaha ya kuazima. Ubaoni tulikuwa tumefika kanuni ya tisa. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha kidole, akaniuliza, bila utovu wowote wa adabu, "Mwalimu, na sisi tutaanza kusoma lini?"

Nikachukua kifutio, nikazifuta zile kanuni, nikianza na ya kwanza.