Waya wa Mwalimu

Mimi nina ugonjwa mmoja: laptop yoyote ikinishinda kidogo, naifomati. Mafundi wengi wa Nyeri tuko hivyo, tusidanganyane. Kompyuta ikikohoa tu, tunafuta kila kitu na kupiga mfumo mpya. Mwenyewe akiiona inang'aa, anasema fundi ni moto.

Jumamosi moja niliitwa Tetu, nje ya mji, na mwalimu mmoja, mama kutoka magharibi mwa Kenya, aliyepanga chumba karibu na shule yake. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa mtandaoni wa kuomba kazi katika shule moja ya binafsi kwao nyumbani. Lazima kompyuta yenye kamera, simu hawakubali, na ukichelewa dakika kumi mlango unafungwa. Watoto wake wawili walikuwa wakilelewa na nyanya yao huko. Akipata hiyo kazi, angelala nao nyumba moja.

"Fundi, iko tu pole pole. Nisafishie kidogo, isinikwamie katikati ya mtihani," aliniambia.

Kusafisha kidogo! Ningefuta takataka na kuzima programu zinazojiwasha zenyewe, nimalize kwa nusu saa. Lakini nilitaka kuonekana. Nikanakili faili zake kwenye flash moja, nikachomeka nyingine yenye mfumo, nikafomati. Saa sita na nusu ilikuwa imewaka, nyepesi kabisa, na wifi haikuwepo. Si kwamba ilikuwa dhaifu. Hata alama yake haikuonekana. Kwenye orodha ya vifaa, kadi ya mtandao ilikuwa na alama ya manjano, maana yake mfumo mpya haukuwa na draiva, ile programu ndogo ya kuiendesha. Ile ya zamani nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu bila kuweka nakala. Na laptop yenyewe ni zile nyembamba, haina tundu la waya wa mtandao.

Nikachomoa waya wangu wa simu, nikaunganisha simu na laptop, nia yangu ikiwa kupitisha intaneti humo. Simu ikaanza kuchaji. Ile sehemu ya kugawa intaneti kwa waya ikabaki kijivu, haibonyezeki.

"Hata matundu haya hayana draiva," nikatangaza, kama daktari.

Mwalimu akainama, akaangalia. "Lakini flash umeisoma na tundu hilo hilo. Si ni waya ndio mbaya? Mimi niko na yangu, ile ilikuja na simu."

Naona aibu kuandika nilichomjibu. "Mwalimu, hii kazi niachie. Waya ni waya."

Waya si waya. Ule wangu niliununua kwa mchuuzi wa stendi, ni wa kuchaji tu, ndani hauna nyuzi za kupitisha data. Hilo nalijua vizuri sana, nimewaambia wateja mara ngapi sijui. Siku hiyo sikutaka kuambiwa na mtu wa chaki.

Nikapanda pikipiki hadi dukani kwangu mjini. Nikatafuta draiva kwa jina la laptop, nikashusha ya kwanza niliyoiona, nikaitia kwenye flash. Nilirudi zikibaki dakika tano kufika saa nane. Mwalimu alikuwa amevaa koti la kazini, amefunga pazia, ameketi wima mbele ya kamera. Nikaweka draiva. Ikakataa. Laptop za jina hilo hutolewa na kadi za wifi za aina mbili au tatu, na mimi sikuwa nimeangalia yake ni ipi kabla ya kutoka. Nikaiweka tena, nikazima, nikawasha. Nilikuwa natoka jasho na Tetu kulikuwa na baridi.

Saa nane na robo aliniambia kwa sauti ya chini, "Hebu fundi, sogea."

Akachukua waya wake, akachomeka simu yake, akawasha ile sehemu ya kugawa intaneti. Laptop ikashika mtandao papo hapo, haikuomba draiva wala nini. Akaandika anwani ya mtihani. Ukurasa ukafunguka vizuri, ukamwambia muda wa kuingia umekwisha.

Niliomba msamaha. Nilisema niwapigie hao watu, niwaeleze kosa ni langu. Akasema ni Jumamosi, hakuna mtu ofisini, na barua ya kumwita kwenye mtihani ilikuwa wazi kuhusu kuchelewa. Hakunigombeza, na mimi ningependa sana anigombeze.

"Usichomoe waya," akaniambia nilipoanza kukusanya vitu vyangu.

Akapiga simu ya video nyumbani. Watoto wakajaa kwenye skrini, wakisukumana, wakifurahia jinsi mama alivyopendeza na koti leo. Yule mdogo akauliza kama ameshafanya mtihani. Mwalimu akamwambia ndiyo, ameufanya, lakini ulikuwa mgumu na mama ameanguka.